Wiki ya Hamsini na Tatu

Mtu akitaka kuuza chochote Moshi, auze mwisho wa Desemba. Mwaka mzima tunaishi wenyewe kwa wenyewe, tunajuana kwa sura na kwa madeni, halafu Krismasi ikikaribia Wachagga wa Dar, wa Mwanza, wa Mbeya na walio ng'ambo wote wanakumbuka kwamba wana kwao. Barabara za kupanda mlimani zinajaa magari yenye vumbi la mikoa ambayo sijawahi kufika. Wageni wanadhani watu hao wanakuja kula Krismasi. Krismasi ni mlango tu. Shughuli zenyewe zinaanza baadaye: harusi, ubatizo, kusimika msalaba kwenye kaburi la babu, na kikao cha ukoo ambacho hakijawahi kwisha bila mtu kununa. Yote hayo yanabanwa katika zile siku chache kati ya Krismasi na mwaka mpya, maana ndizo siku pekee ukoo mzima unapatikana. Na kila shughuli inataka soda, hata zile ambazo mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshajaa mapipani.

Mimi nilikuwa naandika ripoti ya mauzo ya soda hizo. Kampuni siitaji, na mtu simtaji, kwa sababu nilichojifunza katika habari hii ni kwamba hakuna wa kutajwa. Tulikuwa wasambazaji. Ghala kubwa lilikuwa mjini, si mbali na hospitali ya Mawenzi, na chini ya ghala hilo kulikuwa na vituo vidogo viwili: kimoja Holili mpakani, kingine juu mlimani, upande wa Marangu. Kila Jumatatu asubuhi nilituma makao makuu Dar es Salaam mauzo ya wiki iliyopita, kituo kwa kituo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilikuwa na hasira za kuzaliwa nazo, mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja uso, na kazi ile ilinifaa kwa sababu namba hazijibishani na mtu.

Kituo cha mlimani kilikuwa cha mama mmoja ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa mama yangu, nami nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Alikuwa mrefu, mkavu, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize uongo wako ndipo ajibu. Kampuni ilipotafuta mahali pa kuweka kituo huko juu, kila aliyeombwa alikataa kwa sababu moja. Lori la kreti haliwezi kurudi kinyumenyume kwenye kona zile za mlimani. Lazima lipate pa kugeuzia. Na kule juu hakuna kiwanja kinachokaa bure, kila kipande ni kihamba cha mtu, kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa wamelala wazee.

Mama yule alikata migomba. Alikata upande wote wa mbele wa kihamba chake, migomba iliyopandwa na mama mkwe wake, ili lori liweze kuingia, kuzunguka na kutoka. Shemeji zake hawakumsemesha kwa muda mrefu. Kwa watu wa huko, kukata mgomba uliokuwa unazaa ili gari lipate pa kuzungukia ni jambo la kumuulizia mtu kama ana akili timamu. Lakini kituo kilisimama. Mke wa mdogo wa marehemu mumewe akapata kibarua cha kupanga kreti, kijana wa jirani akawa mlinzi, na shemeji wakaanza kuja kunywa soda za bei ya jumla, na wakaanza kusalimia.

Nasema haya yote ili ieleweke kilichokuwa hatarini. Haikuwa kituo tu. Ilikuwa ni ile migomba.

Mwaka ule, katikati yake, makao makuu walileta mfumo mpya wa ripoti. Sisi Moshi tulibaki na mfumo wetu wa zamani wa kuuzia, kwa ahadi kwamba zamu yetu ya kubadilishiwa ingefika. Kwa hiyo mfumo wetu ulikuwa unajumlisha mauzo kwa wiki, unaandika mwaka na namba ya wiki, wiki ya thelathini, wiki ya thelathini na moja, na mfumo wao unapokea namba hizo na kuzipanga kwenye skrini za wakubwa kwa rangi. Kijani umefanya vizuri, nyekundu umefanya vibaya. Miezi yote iliyobaki mambo yalikwenda sawa. Holili peke yao walilalamika kwamba namba zao za mwaka uliotangulia, ambazo makao makuu walizihesabu upya wenyewe kutoka kwenye risiti, hazilingani sawasawa na za daftari lao, zinapishana kidogo kila wiki, na meneja wetu aliwaambia waache kuhesabu senti. Sisi wengine zililingana mpaka shilingi ya mwisho.

Novemba ikaja barua. Makao makuu walikuwa na malori machache kuliko mikoa. Vituo vidogo vyote nchini vingepimwa, na kila mkoa ungepimwa kwa wiki yake ya mavuno. Kwa Kilimanjaro walichagua wiki ya kwanza ya mwaka, na kwenye mabano wakaandika kwamba ni wiki wenyeji wanapokuwa nyumbani. Kituo ambacho wiki hiyo kitakuwa chini sana ya mwaka uliotangulia kitafungwa, na lori lake litahamishwa. Niliposoma nilifurahi, sitaficha. Nilisema moyoni, kumbe Dar wapo wanaotujua. Nilimpigia simu mama nikamwambia ajiandae.

"Wiki ipi hasa?" aliuliza.

"Ile ya mwaka mpya, mama."

"Ile nitaimaliza kabla haijanimaliza," akasema.

Mwaka mpya uliangukia Alhamisi. Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa Desemba nilipanda mwenyewe na lori, kwa sababu ghala la mjini lilikuwa na watu wa kutosha na huko juu walikuwa wamezidiwa. Sijapata kuona watu wananunua soda namna ile. Tulipofika watu walikuwa wamesimama kwenye ile sehemu ya kugeuzia, na dereva ilibidi apige honi ili apishwe. Mwenye harusi, mwenye ubatizo, mwenye kikao. Mzee mmoja alikuja na watoto wake watatu waliotoka Dar, kila mmoja anataka kulipa yeye, wakagombana mbele ya kaunta mpaka mama akawaambia kila mmoja achukue kreti zake na kikao wakakifanyie nyumbani. Lori lilishuka, likapanda tena mchana. Jumanne vilevile. Jumatano mpaka jioni ghala la mama lilikuwa limebaki na maji ya chupa na ile soda ya tangawizi ambayo hainywewi na mtu. Alikaa juu ya kreti tupu, akavua viatu, akanipa sahani ya machalari, ndizi zetu za nyama, iliyokuwa imepoa.

"Sasa wakapime," akasema.

Alhamisi mwaka mpya, kituo kikafungwa, watu wakaenda kanisani. Ijumaa na Jumamosi aliuza kidogo, maana magari yalikuwa yameshaanza kushuka kurudi mikoani. Hiyo ni kawaida. Ukitaka kujua sikukuu imeisha, sikiliza magari yanavyoshuka.

Jumatatu iliyofuata nilituma ripoti, nikanywa chai, nikafungua skrini ya makao makuu nikitegemea kijani. Holili ilikuwa nyekundu. Mlimani palikuwa pekundu mpaka nikadhani kompyuta imeharibika. Wiki ya kwanza, kituo cha mlimani, kilikuwa kimeuza sehemu ndogo tu ya kile kilichouzwa wiki ya kwanza ya mwaka uliotangulia. Hesabu ya namna ile inaweza kuandikwa tu kama mama alikuwa amefunga duka na kwenda kulala.

Meneja wetu aliniita. Alikuwa mtu mpole, wa kuvaa sweta hata jua likiwaka, na upole wake mara nyingi ulinikera.

"Nini hiki?"

"Sijui, mzee. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

"Basi tafuta."

Nilitafuta. Nilitoa kalenda ya ukutani, ile ya kanisa yenye picha ya mlima, nikaiweka mezani, nikachora kwa kalamu nyekundu. Baada ya kuchora nilikaa nikaitazama.

Mfumo wetu wa zamani ulikuwa unaanza wiki Jumapili na kuimaliza Jumamosi, na wiki ya kwanza kwake ni ile yenye tarehe moja Januari, hata kama imebaki vipande. Mwaka ukiisha, unakata hapo hapo. Kwa hiyo Jumapili tarehe ishirini na nane mpaka Jumatano tarehe thelathini na moja uliziita wiki ya hamsini na tatu ya mwaka wa zamani. Alhamisi mpaka Jumamosi ukaziita wiki ya kwanza ya mwaka mpya. Siku tatu, na moja kati ya hizo kituo kilikuwa kimefungwa.

Mfumo wa makao makuu ulikuwa unaanza wiki Jumatatu na kuimaliza Jumapili, na haukubali kuikata wiki vipande. Wiki inayobeba Alhamisi ya kwanza ya Januari ndiyo wiki ya kwanza, yote nzima, hata kama nusu yake iko Desemba. Kwake, Jumatatu ile tuliyopanda na lori, na Jumanne, na Jumatano ya kuvua viatu, zote zilikuwa tayari wiki ya kwanza ya mwaka mpya. Na mwaka wa zamani kwake ulikuwa na wiki hamsini na mbili tu. Hamsini na tatu haikuwepo.

Basi sisi tulituma wiki ya hamsini na tatu kwa mtu ambaye hana wiki ya hamsini na tatu. Akaiweka pembeni na vitu asivyovitambua. Tukamtumia wiki ya kwanza yenye siku mbili za kuuza, akaipokea kwa mikono miwili, akailinganisha na wiki ya kwanza ya mwaka uliotangulia, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameihesabu kutoka kwenye tarehe za risiti za zamani, siku zote saba, na harusi zake zote.

Na kwa nini hatukuliona jambo hili nusu mwaka mzima? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kwa sababu mwaka ule, na uliotangulia pia, namba za wiki zilikuwa zinakwenda sambamba, zinapishana Jumapili tu. Wao Jumapili waliiweka mwisho wa wiki, sisi tuliiweka mwanzo. Na sisi Jumapili hatuuzi. Ghala linafungwa, kituo cha mlimani kinafungwa, watu wako kanisani, Wakatoliki kwao na Walutheri kwao, na jioni wanakula ndizi. Siku ambayo ingetuumbua ilikuwa sifuri kila wiki. Holili peke yao ndio waliokuwa wanauza Jumapili, kwa kuwa mpaka haujui ibada, na Holili peke yao ndio waliolalamika.

Nilimweleza meneja. Akavua miwani, akaivaa, akasema, "Kwa hiyo ni jambo la kusahihisha tu." Nami nikaamini. Nikapiga simu Dar.

Kijana wa mifumo aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, yenye haraka. Nilimweleza taratibu, kalenda ikiwa mbele yangu.

"Nimekusoma, dada," akasema. "Ila wiki ya hamsini na tatu haipo."

"Najua haipo kwenu. Kwetu ipo."

"Sasa ndiyo nakwambia, mwaka huo una hamsini na mbili."

"Kaka, hizo siku zilikuwepo. Watu walioa."

Akacheka, si kwa ubaya. Akasema anaelewa, akasema mauzo hayajapotea, yamekaa kwenye vitu visivyotambulika, ila yeye hana ruhusa ya kuyatoa huko. Anayeweza ni kampuni iliyouza mfumo. Ombi linaandikwa, linaingia foleni. Nikauliza foleni ina urefu gani. Akasema inategemea. Nikauliza basi kama ninaweza kuzihamisha mwenyewe, niandike siku zile tatu za Desemba kama wiki ya kwanza. Akasema nijaribu.

Nilijaribu. Mfumo wetu ukakataa. Mhasibu wetu, dada mmoja makini ambaye sijawahi kumshinda katika jambo lolote, alikuwa ameshaufunga mwaka. Nikamwomba aufungue. Akaniuliza kama nataka kusema mauzo ya Desemba ni ya Januari, mbele ya watu wa kodi. Nikasema sitaki kuhamisha tarehe, nataka kuhamisha wiki. Akasema kwenye mfumo wetu wiki inatoka kwenye tarehe, ukigusa moja umegusa nyingine. Alikuwa na haki. Ndicho kilichonitia wazimu, kila niliyemgusa alikuwa na haki. Ningempata mmoja mwongo au mvivu ningejua pa kupeleka hasira zangu.

Meneja akaandika barua pepe kwa wale waliokuwa wanapima vituo. Aliandika vizuri, akaweka na picha ya kalenda yangu. Wakajibu kwa heshima kwamba wamepokea maelezo, lakini kamati inatumia namba za kwenye mfumo kwa mikoa yote, na wakikubali maelezo ya mkoa mmoja itabidi wakubali ya mikoa yote. Marekebisho yakiingia kwenye mfumo kabla ya kikao yatazingatiwa. Kikao kilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile.

Jumanne nilipanda kwa mama. Sikutaka asikie kwa simu. Kulikuwa na ukungu, na kreti tupu za sikukuu zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka dirishani, zinasubiri lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na uso huo, sema."

Nilimweleza. Nilichora tena, safari hii nyuma ya boksi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akatazama mchoro wangu, akaniuliza, "Na Jumamosi?"

"Jumamosi imefanya nini?"

"Jumamosi ndiyo mosi. Sisi ndiyo tunaanzia hapo kuhesabu. Mbona hakuna anayeanza Jumamosi?"

Nikacheka kwa kukosa la kufanya, naye akacheka kidogo. Kisha akaacha.

"Soda zilinywewa?"

"Zilinywewa, mama."

"Chupa hizi tupu ni za nini?"

"Ni za soda zilizonywewa."

"Fedha mlipokea?"

"Tulipokea zote."

"Sasa nani anasema sikuuza?"

Nilitaka kusema hakuna anayesema hukuuza, wanasema tu hukuuza wiki hiyo. Lakini maneno hayo nilipoyaweka mdomoni yalikuwa upuuzi, nikayameza. Aliona. Akanyanyuka akaenda kunichemshia chai, na mimi nikabaki natazama zile kreti. Nikapata wazo. Nilishuka mjini mbiombio nikamwambia meneja tutume hesabu ya chupa tupu, maana chupa haidanganyi, soda isiponywewa haiwi tupu. Akatuma. Wakajibu kwamba chupa ni idara nyingine, na kwamba chupa zinaporudi zinaandikwa kwa tarehe ya kurudi.

Jumatano nilimpigia yule kijana mara nyingi mpaka akawa anapokea kwa kusema, "Dada, bado." Mwishoni alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mimi mwenyewe kwetu ni Rombo. Nilikuwa nyumbani wiki hiyo. Nilikunywa hizo soda." Alijua. Alikuwa amekaa chini ya turubai la harusi wiki ile ile isiyokuwepo, na bado hakuwa na mahali pa kubonyeza.

Alhamisi kikao kikakaa. Ijumaa tukapata majibu. Holili ilipona, kwa sababu watu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wanarudi kwao siku zile mbili za mwanzo wa Januari na walinunua njiani, hivyo wekundu wake haukufika kwenye mstari wa kufungiwa. Kituo cha mlimani kifungwe mwisho wa mwezi. Lori liende mkoa mwingine.

Nilikasirika mpaka nikaumwa kichwa. Nilimfokea meneja, ambaye hakustahili, naye akajikunyata ndani ya sweta lake. Nilikwenda nyumbani, mtaa wetu wa Soweto hapo hapo Moshi, nikamfokea mume wangu kwa sababu ya chumvi. Halafu hasira ikaisha, na kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hasira angalau inakupa kitu cha kushika.

Siku ya kufunga, dereva hakutaka kwenda, meneja akamwamuru. Walipakia kreti, wakapakia friji lenye picha ya chupa, wakang'oa kibao. Mama alisimama mlangoni na kitenge mabegani, akawaelekeza wasigonge nguzo. Mke wa shemeji yake alikaa upenuni akizitazama kreti alizozoea kuzipanga. Lori likazunguka kwenye ile sehemu yake ya kugeuzia, likazunguka vizuri kabisa, bila kurudi nyuma hata mara moja, likashuka.

Marekebisho yaliingia mwezi wa tatu. Foleni ilikuwa imefika kwetu. Kampuni iliyouza mfumo ilitengeneza jambo hilo kwa muda mfupi tu, yule kijana aliniambia, ni kuiambia mashine ipokee tarehe badala ya namba za wiki, wiki izihesabu yenyewe. Siku hiyo hiyo skrini ilijipanga upya. Siku zile tatu zikatoka zilikokuwa zimefichwa zikarudi kwenye wiki ya kwanza. Kituo cha mlimani kikawa kijani, juu ya vituo vyote vidogo vya kaskazini. Pembeni ya jina lake, kwa herufi ndogo, paliandikwa: kimefungwa.

Kijana alinipigia. "Dada, ulikuwa sahihi."

"Nashukuru," nikasema, na nikashangaa jinsi neno lilivyotoka bila uzito. Nikamuuliza kama kituo kinaweza kurudishwa. Akasema hilo si la mifumo. Meneja akauliza kwa wanaohusika, wakamjibu kwamba lori limeshapangiwa njia nyingine, na ombi la kituo kipya lipelekwe kwenye bajeti ya mwaka unaokuja. Wakaongeza pongezi kwa timu ya Kilimanjaro kwa mauzo mazuri ya wiki ya kwanza.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake akataka kuomba radhi, anachukua isale. Ni mmea wa majani marefu unaoota mipakani mwa vihamba na makaburini, na mtu akikujia ameushika mkononi huna ruhusa ya kumfukuza. Ugomvi unaisha hapo, hata kama ni wa damu. Nilifikiri sana nani angepaswa kuubeba. Kamati haikuwa na mikono. Mhasibu alikuwa na haki, kijana alikuwa na haki, hata ile mifumo miwili, kila mmoja ulihesabu wiki zake kama ulivyofundishwa. Mimi sikuwa nimekosa. Lakini nilijua kwamba nisipobeba mimi, hakuna atakayebeba, na mama yule atakaa mpaka afe bila mtu kumwendea.

Jumapili, baada ya ibada, nilikata tawi la isale kwenye mpaka wa kihamba cha bibi yangu, nikapanda.

Nilimkuta ameinama kwenye ile sehemu ya kugeuzia. Ardhi ilikuwa imekandamizwa na matairi mpaka ikawa ngumu kama sakafu, naye alikuwa anaipasua kwa sururu, kidogo kidogo. Mashimo machache yalikuwa tayari, na pembeni yake vichipukizi vya migomba vimelala na mizizi juu. Shemeji yake mmoja alikuwa anachimba upande wa pili. Waliponiona walisimama.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

Walinipokea. Mama akatazama mkono wangu.

"Hilo la nani?"

"La ofisi."

"Ofisi ndiyo imekutuma?"

"Hapana."

Akanitazama kama alivyozoea kutazama, mpaka nimalize. Nikamwambia yote, kwamba imesahihishwa, kwamba wiki ile sasa ipo, kwamba kituo chake kimekuwa cha kwanza kaskazini nzima. Nikamwambia na lile neno dogo la pembeni. Sikuweza kumficha.

"Kwa hiyo ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo, mama."

"Mimi nilikuwa ndani yake," akasema, si kwangu hasa.

Akalipokea tawi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nilianza kulia, na sikuona aibu. Hakunibembeleza. Alikwenda mpaka pale lori lilipokuwa linaingilia, kati ya nguzo na ukuta, akanyoosha mkono shemeji yake ampe sururu. Akapasua ardhi, akalisimika lile tawi katikati ya njia, akashindilia udongo kwa kisigino. Isale linashika haraka, na kwetu likishasimama mahali hapo ndipo mpaka, hakuna gari wala mtu wa kupita juu yake.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Wao wakija, watalikuta hapa."

Kisha akanipa kichipukizi nikishikilie wima, akaanza kufukia.